Dada wawili, mtandazo mmoja: ugomvi uanzie mezani

Swali: Naandika hadithi fupi ya dada wawili wanaosoma taroti, yaani karata za picha za kubashiria. Wametandaza karata tatu kuhusu nyumba waliyoachiwa na marehemu mama yao. Mkubwa, Rehema, anaona karata zinasema waiuze. Mdogo, Salma, anaona zinasema wabaki nayo. Shida ni kwamba ugomvi wao unasomeka kama kila mmoja anajisemea anachotaka, na karata zimebaki pambo. Nifanyeje ili wote wawili wawe na hoja, na msomaji asiyejua taroti naye asipotee?

Jibu: Waketishe wakitazamana, meza katikati. Hilo peke yake litakupa nusu ya ugomvi, na utakuwa ugomvi ambao hata mtu asiyewahi kushika karata ataufuata.

Sababu yake ni hii. Karata ya taroti ina juu na chini. Ikikaa sawa mbele ya anayeisoma, inachukua maana yake ya kawaida. Ikikaa kichwa chini huitwa imepinduka, na wasomaji wengi huipa maana nyingine: nguvu iliyozuiwa, jambo lililochelewa, au upande mbaya wa karata hiyohiyo. Sasa Rehema akitandaza karata tatu zikakaa sawa kwake, Salma aliye ng'ambo ya meza anaziona zote tatu kichwa chini. Isitoshe, kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwingine. Mtandazo wa karata tatu kwa kawaida husomwa kutoka kushoto kwenda kulia: yaliyopita, yaliyopo, yajayo. Kwa hiyo karata ambayo kwa Rehema ni jana, kwa Salma ni kesho. Hakuna aliyedanganya wala kulazimisha maana. Meza yenyewe imewagawa.

Wasomaji wazoefu wanalijua tatizo hili, na ndiyo maana wengi humketisha mwenye swali ubavuni mwao badala ya mbele yao, ili wote wawili waone picha kwa upande mmoja. Hadithi yako inahitaji dada wawili ambao, kwa sababu fulani, hawakuketi hivyo. Huna haja ya kueleza sababu kwa kirefu. Wameketi kila mmoja mahali pake pa zamani pa kulia chakula, basi.

Kabla hujachagua karata, amua ni pakiti ipi iliyo mezani, kwa sababu ugomvi wa picha unahitaji picha. Katika taroti ya Marseille, pakiti ya mtindo wa zamani, karata ndogo za namba hazina watu: Sita ya Mapanga ni mapanga sita yaliyopangwa kwa umbo, basi. Katika pakiti iliyotoka London mwaka 1909, iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, hata karata za namba nyingi zina tukio lenye watu, mahali na kitu kinachofanyika. Karata ni zilezile 78, yaani 22 kubwa na 56 ndogo za aina nne: vikombe, sarafu, fimbo na mapanga. Lakini ni katika pakiti ya pili tu ndipo dada mmoja anaweza kuweka kidole juu ya mtu na kuuliza, "Huyu ni nani?" Ichukue hiyo.

Na usizivute karata kwa bahati ukitumaini hadithi itajitokeza. Wewe ndiye mwandishi, zichague. Mimi ningeziacha kabisa Kifo na Mnara. Karata hizo mbili ndizo anazozijua hata asiyejua taroti, na atakaa akisubiri balaa. Tena mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye karata hashtuki akiona Kifo. Anajua mara nyingi husomwa kama kitu kufikia mwisho wake ili kingine kianze. Ukimwandika Rehema akishika kinywa kwa hofu, mjuzi atajua papo hapo kwamba huyu hajawahi kusoma karata.

Kwa nyumba ya mama, chukua hizi tatu, kushoto kwenda kulia kwa upande wa Rehema: Sita ya Vikombe, Nne ya Sarafu, Sita ya Mapanga. Zitazame picha kwanza, maana baadaye.

Sita ya Vikombe ina watoto wawili mbele ya jumba la zamani. Mkubwa anampa mdogo kikombe chenye ua jeupe. Vikombe vinne vimepangwa mbele, kimoja kiko juu ya nguzo, cha sita kiko mkononi. Nyuma, mtu mzima mwenye mkuki anaondoka zake, na watoto hawamwoni. Ni karata ya utoto, kumbukumbu na wema wa zamani.

Nne ya Sarafu ina mtu mwenye taji aliyeketi akiwa na sarafu moja juu ya kichwa, moja ameikumbatia kifuani, na mbili amezikanyaga. Mji uko nyuma yake. Hawezi kusimama bila kuangusha kitu. Ni karata ya kushika, na kila msomaji ataamua kama huko kushika ni busara au ni uchoyo.

Sita ya Mapanga ina mashua. Mvushaji amesimama akisukuma kwa upondo. Ndani ameketi mtu aliyejifunika shuka, pamoja na mtoto, wote wametupa mgongo. Mapanga sita yamesimamishwa kwenye omo, ncha chini. Upande wa kulia maji yana mawimbi, upande wa kushoto yametulia. Ni karata ya kuvuka kutoka kwenye taabu.

Sasa wapitishe dada hao kwenye mtandazo. Rehema anasoma: tulikuwa watoto katika nyumba hii, sasa kuna mtu ameing'ang'ania, mwisho ni kuondoka. Uza. Salma anasoma kutoka kushoto kwake: safari kwanza, kisha kung'ang'ania, mwisho ni jumba la utotoni na mkubwa anayempa mdogo wake kikombe. Baki. Zaidi ya hapo, mashua ya Sita ya Mapanga huelekea juu ya karata. Juu ya karata, kwa namna Rehema alivyoitandaza, ni upande wa Salma. Kwa Rehema mashua inampa kisogo na kwenda zake; kwa Salma, omo inamjia yeye. Jambo hili msomaji wako analiona bila kufundishwa neno hata moja la taroti, na ndilo ningelijengea hadithi nzima.

Angalia pia kwamba karata ya kati inabaki kati, utazame kutoka upande wowote. Nne ya Sarafu ni "yaliyopo" kwa wote wawili. Hapo hawawezi kugombana kuhusu mahali, kwa hiyo watagombana kuhusu mtu. Kwa Rehema, aliyekumbatia sarafu ni Salma asiyetaka kuiachia nyumba. Kwa Salma, ni Rehema mwenye kutaka fedha. Hapa ndipo maneno makali yanapotoka, na inafaa yatokee hapa, kwa sababu karata hii ndiyo pekee isiyo na kona ya kujifichia.

Baada ya hapo kila mmoja anahitaji kanuni ya kujitetea. Bila kanuni utarudi kulekule ulikoanza, kwenye "naona hivi" na "mimi naona vile". Kanuni mbili zinatosha. Rehema ana hii: karata husomwa kwa upande wa aliyezitandaza. Salma ana hii: aliyezichanganya, akakata na kuuliza swali ndiye mwenye mtandazo. Zote mbili ni desturi za kweli. Kwa kawaida mwenye swali huchanganya na kukata, msomaji hutandaza, na wapo wasomaji wanaozigeuza karata zimwelekee mwenye swali. Kwa hiyo onyesha mapema, katika sentensi moja isiyovuta macho, kwamba Salma ndiye aliyechanganya na Rehema ndiye aliyetandaza. Ukisahau kuionyesha, Salma akija kuitaja katikati ya ugomvi itaonekana ameitunga.

Halafu mpe Rehema pigo zuri, kwa sababu kwa sasa Salma ana picha nzuri zaidi, na hadithi itamwegemea. Pigo lenyewe liko kwenye kupinduka. Kama Salma anataka kusoma kwa upande wake, basi akubali yote: kwa upande huo karata zote zimepinduka. Sita ya Vikombe iliyopinduka wengi huisoma kama mtu aliyenaswa utotoni, asiyeweza kutoka kwenye mlango wa zamani. Kesho anayoililia Salma ndiyo inayomwonya. Ni hoja halali kabisa, na inamchoma kwa sababu huenda ni kweli.

Salma atajibu nini? Kwamba mama hakuwa akihesabu kupinduka. Na hapa unaingia kwenye kiini cha hadithi bila kutoka mezani. Wasomaji wengi huanza kwa kuhesabu karata zilizopinduka na baadaye huacha, wengine hufanya kinyume. Mfanye mama awe mtu wa aina hiyo. Rehema alijifunza kwake mapema, wakati mama bado anahesabu kila kichwa kilicho chini. Kisha Rehema akaolewa, akahama. Salma alijifunza miaka ya mwisho, wakati mama amekwisha kuacha, na alibaki naye mpaka mwisho. Mwalimu ni mmoja, mafunzo mawili. Wakibishana kuhusu kanuni, wanabishana ni nani aliyemjua mama, na hakuna atakayelazimika kulisema neno hilo kwa sauti.

Kwa vitendo, mahali penye joto pangeweza kwenda hivi:

Rehema aliweka kidole juu ya karata ya tatu. "Mashua inaondoka. Aliyejifunika ni wewe, Salma. Unatolewa humu ndani, tena kwa heri, maji yale pale yametulia."

"Kwako inaondoka, dada." Salma hakuigusa karata. Aligusa mbao ya meza, mbele ya ile omo. "Huku inafika. Na mimi sina mtoto. Mwenye mtoto ni wewe."

"Umekaa upande usio wake. Karata husomwa na aliyezitandaza."

"Na aliyezichanganya? Na aliyeuliza?"

"Haya, soma basi kwa upande wako." Rehema alivuta mkono, akaukunja. "Lakini soma yote. Vikombe kwako viko kichwa chini. Unajua mama alivyokuwa akiisoma ikikaa hivyo."

"Mama aliacha kuhesabu kupinduka."

"Lini?"

"Siku nyingi, dada."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Ulikuwa umekwishahama." Salma alinyamaza kidogo, kisha akasema, kwa upole uliomuudhi Rehema kuliko kelele, "Uende tezi, uende omo, marejeo ni ngamani."

"Usinisomee methali. Nisomee karata."

Ona kwamba katika kipande hiki hakuna maelezo ya maana ya karata hata moja. Msomaji anapata mashua, mtoto, maji, vikombe vilivyogeuka. Maana inakuja kwa kile dada wanachokifanya nazo. Vilevile Salma anamwita mwenziye dada hata akiwa na hasira, na Rehema anamwita kwa jina. Usiibadilishe hali hiyo. Siku Salma akisema "Rehema" badala ya "dada", msomaji atajua kuna kitu kimevunjika, kwa hiyo ukitaka kulitumia, litumie mara moja tu, karibu na mwisho.

Yapo mambo ya mikono ambayo mjuzi atayakagua. La kwanza, kichwa kuwa chini hakuji chenyewe. Ukichanganya karata kwa kawaida, ukihamisha mafungu tu, na zote zilikuwa zimeelekea upande mmoja, zitabaki zimeelekea upande mmoja. Ili zichanganyike juu na chini ni lazima mtu ageuze fungu moja nusu mzunguko kabla ya kuendelea, au azimwage mezani na kuzikoroga kwa viganja. Katika hadithi hii hilo linakufaa, maana unataka zote tatu zikae sawa kwa Rehema. Mwonyeshe Salma akihamisha mafungu bila kugeuza, kama mama wa miaka ya mwisho alivyofanya.

La pili, namna ya kufunua. Karata ikifunuliwa kama ukurasa wa kitabu, kwa ubavu, juu yake inabaki juu. Ikifunuliwa kwa kuinua ukingo wa chini na kuupeleka mbele, juu inakuwa chini. Msomaji anayejali kupinduka huchagua njia moja na haiachi. Rehema afunue kwa ubavu karata zote tatu. Ukiandika kwamba alifunua mbili kwa ubavu na ya tatu akaiinua kwa ukingo, mjuzi atasema mashua imegeuzwa na mkono wa Rehema, na utakuwa umefungua kesi nyingine usiyokusudia.

La tatu ni swali. Waandishi wengi hulipita, nalo ndilo huharibu zaidi. Kama Salma aliuliza "Tuuze nyumba au tusiuze?", mtandazo wa yaliyopita, yaliyopo na yajayo haujibu swali hilo sawasawa, na ugomvi utaonekana umetokana na uzembe wao. Mwache aulize kitu ambacho karata tatu zinaweza kukibeba: "Nyumba hii inatupeleka wapi?" Tazama neno "inatupeleka". Rehema atalisikia kama kutoka, Salma atalisikia kama kufika. Liandike swali hilo kwa ukamilifu mara moja, mwanzoni, na usilirudie kwa maneno mengine, kwa sababu maneno yakibadilika msomaji atashindwa kujua ni lipi lililoulizwa.

Usishawishike kutumia mtandazo mkubwa. Ule wa msalaba wenye karata kumi ni mzuri kwa msomaji halisi, lakini katika hadithi fupi utatumia kurasa mbili kutaja karata, na hakuna atakayekumbuka ya saba ilikuwa nini. Tatu zinatosha, na hata hizo nisingezitaja zote kwa pamoja. Ifunuliwe moja, lisemwe neno, ifunuliwe ya pili.

Ugomvi ukifika juu, mmoja wao atataka kuvuta karata ya nne iwaamue. Wasomaji hufanya hivyo kweli, na walio makini huwaonya wenzao, kwa sababu mtu asiyeridhika na tatu hataridhika na nne. Litumie tamanio hilo, ila kuwa mwangalifu. Karata ya nne ikifunuliwa, msomaji ataichukua kuwa hukumu, hata ukichagua karata isiyo na upande, na kila ulichojenga kwenye tatu za mwanzo kitageuka utangulizi. Ningemwacha Rehema anyooshe mkono kwenye pakiti, Salma aweke kiganja juu yake, na vidole vyao vikae hapo kwa muda wa sentensi moja au mbili. Nani anaondoa mkono kwanza ni uamuzi wako, na ni uamuzi mkubwa kuliko karata yoyote.

Mwisho usilete tukio la kuthibitisha. Simu ya mnunuzi ikilia dakika hiyo, Rehema ameshinda. Bomba likipasuka au mtoto wa Rehema akiingia na kusema anataka kuhamia hapa, Salma ameshinda, na kwa vyovyote vile umeligeuza jambo kuwa mashindano ya utabiri. Wala usiwapatanishe kwa kuwafanya wakubaliane kwamba wote wako sawa. Kama unataka kitu kisogee, mmoja ainuke, azunguke meza na kuketi ubavuni mwa mwenziye, azione karata kwa upande ule mwingine. Hajabadilisha mawazo. Ameona picha ambayo mwenziye amekuwa akiiona. Anachosema akiwa pale kiwe kifupi, na kihusu kitu kilicho kwenye karata: yule mtu mwenye mkuki nyuma ya watoto, kwa mfano, ambaye mpaka sasa hakuna aliyemtaja.

Ukimaliza rasimu, mpe mtu asiyejua taroti, na baada ya kusoma mwombe achore meza: viti viwili, karata tatu, na mshale unaoonyesha mashua inaelekea kwa nani. Akikosea mahali, rudi kwenye aya ambayo Rehema anatandaza. Mara nyingi tatizo huwa ni kwamba umeandika "kushoto" bila kusema kushoto kwa nani.